Imeshika

Bwana chanjo alikuwa kijana wa Tanga, jina lake Idd, na kosa lake lote lilikuwa neno moja. Neno lenyewe halikuwa la uongo, na nadhani ndiyo maana lilituumiza vile.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1969, miezi ya baridi, ukungu umelala juu ya Mlalo, kwetu milimani, tangu Jumapili. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango kutangaza kwamba Serikali inataka kuumaliza ugonjwa wa ndui nchi nzima, na asiyechanjwa ataandikwa jina. Nikaenda. Mimi sikuwahi kuchanjwa, maana nilipokuwa mdogo marehemu baba alikuwa akisikia tu wachanjaji wanapanda mlima, anatuingiza msituni mpaka waondoke. Idd alitupanga kwenye uwanja wa shule. Akauliza nani ana mimba, abaki pembeni. Sikubaki. Siku zangu nilikuwa nimezipata kama wiki mbili nyuma, na mume wangu Rubeni alikuwa ametoka kwenye mkonge huko Korogwe, amelala nyumbani siku tatu, amerudi kazini. Ningejuaje?

Sindano yake ilikuwa fupi, yenye ncha mbili, inanasa tone moja la dawa katikati. Akanidonoa mkono wa kushoto mara kumi na tano, chapuchapu, mpaka damu ikachungulia. Kisha akawaambia wote: "Msipake spiriti, msisugue kwa sabuni. Dawa hii ni hai. Mkiiua haitawasaidia."

Mama yake Rubeni, ambaye jina lake ni Marta, alinishika kiwiko na kuniuliza kwa Kishambaa kama nimesikia vizuri. Nilimjibu nimesikia, dawa ni hai. Nilicheka, hata. Tulirudi nyumbani akiwa ametangulia.

Siku ya tatu kikatoka kipele. Siku ya saba kilikuwa lengelenge kubwa, jeupe, limejaa maji, na katikati limebonyea. Marta aliuvuta mkono wangu mlangoni kwenye mwanga, akautazama muda mrefu.

"Kina kitovu," akasema.

Nami nikatazama. Kweli, kilikuwa na kitovu. Nilijikaza nicheke tena, kicheko hakikuja.

Siku hiyohiyo Idd alirudi kukagua mikono. Alipoufikia wangu uso ulimchangamka. "Aa, huyu imeshika! Imeshika vizuri kabisa!" Akaandika kwenye daftari lake na kupita. Basi mtu wa Tanga akisema chanjo imeshika, anamaanisha imefanya kazi. Lakini kwetu sisi wanawake, kitu kinachoshika ni mimba. Marta alikuwa amesimama bega kwa bega nami. Nilimsikia akivuta pumzi.

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Siku ya tisa nikapata homa, na kwapani pakavimba mtoki wa ukubwa wa maharage. Marta aliupapasa, akasema kitu kimetoka mkononi, kinashuka. Hakusema kinashuka kwenda wapi. Nikianza kumenya viazi, namwona ananiangalia tumbo. Nikienda kisimani, ukungu umefunga, siioni hata njia, nasikia nyayo zake nyuma yangu, naye anasimama nikisimama. Nilimwita, "Mama, ni wewe?" Hakuitika. Nilikuwa na hasira naye, na hofu pia, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Kisha siku zangu zikapita bila kuja.

Kigaga kilidondoka wiki ya tatu, nikiwa usingizini. Asubuhi mkono ulikuwa na kovu jekundu tu, kigaga hakionekani. Marta hakuniruhusu kuwasha moto kabla hakijapatikana. Alikung'uta blanketi, akafagia chini ya kitanda kwa mkono, akitafuta kimyakimya, midomo ikimcheza. Alikikuta kwenye pindo la kanga yangu. Akakiweka kwenye kiganja akakisogeza mwangani, na mimi niliyesoma mpaka darasa la sita nilisubiri kuona kama kitatikisika. Naona haya kusema hivyo, lakini nilisubiri.

Asubuhi iliyofuata nilitapika nyuma ya jiko. Nilipoinuka alikuwa pale, ameshika kibuyu.

"Esta mwanangu," akasema, kwa upole ambao hajawahi kunipa. "Ndani yako mna viwili. Kimoja ni mtoto wa Rubeni, kingine ni cha sindano. Haviwezi kukaa pamoja. Kitakachozaliwa si mtu, ni ndui yenye miguu. Mizizi hii itasafisha. Utaumwa siku mbili, utapona, utabeba mwingine."

"Na nisipokunywa?"

"Najua ninachosema."

Kibuyu kilinuka udongo na kitu kichungu. Nitasema ukweli: nilikipokea. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza baada ya miaka minne ya ndoa, miaka minne ya kuulizwa kanisani kama bado, na bado nilikipokea, kwa sababu nilikwisha anza kuhisi kitu kikitembea chini ya ngozi. Nikamwambia nitakunywa jioni. Nikakificha kwenye tenga chini ya majani, nikashika njia ya zahanati.

Mkunga wa zahanati aliitwa Jenoveva, mwanamke wa makamo, hana subira na mtu anayezungukazunguka.

"Shikamoo, mama mkunga."

"Marahaba. Sema."

Nikasema yote, nikamwonyesha kovu, nikatoa kibuyu. Alikinusa akakiweka mbali, juu ya kabati. Akaniuliza siku za mwisho kuona damu, akahesabu kwa vidole, akanitazama macho na matiti. "Una mimba, karibu wiki tano tukihesabu tangu siku hizo. Ulichanjwa ikiwa inatunga, au imetunga jana yake. Wewe hukujua, Idd hakujua, wala mimi nisingejua."

"Ni kweli dawa ni hai?"

"Ni kweli."

Nilidhani atakataa. Nikakaa kitandani bila kuambiwa.

"Sikiliza vizuri maana sitarudia," akasema. "Ni kidudu hai, binamu wa ndui, lakini si ndui. Hakiwezi kugeuka ndui. Kinaota pale pale kilipodonolewa, mwili unakipiga vita, ndiyo ile homa, ndiyo ule mtoki. Mwili ukishinda, kigaga kinaanguka. Kilikuwa na kishimo katikati?"

"Ndiyo."

"Chanjo ya kwanza ikishika huwa hivyo kwa kila mtu. Kwa mwanamume pia. Au waume wa Mlalo nao wamebeba mimba?"

Sikucheka. "Kwa nini basi Idd alituambia wenye mimba wabaki pembeni?"

Hapo alikaa. Alivuta kigoda karibu, akashusha sauti. "Kwa sababu mara chache sana, chache mno, kile kidudu huvuka kikamfikia mtoto tumboni. Akivukiwa, anatokwa na vidonda, anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, anaweza kufa. Sikufichi. Lakini dunia nzima imechanja mamilioni kwa mamilioni, na watoto waliopatwa hivyo waliowahi kuandikwa vitabuni, dazeni chache tu. Wala haimfanyi mtoto kuwa kilema. Tunawaambia wasubiri kwa tahadhari, maana kama ndui haipo kijijini hakuna haraka. Tahadhari ni kabla ya sindano. Ikishapita, sisi hatumwambii mtu atoe mimba kwa ajili yake."

"Kwa hiyo nisiogope?"

"Ogopa kidogo, kama unavyoogopa mvua ya mawe. Ukiona vidonda vinasambaa mwilini, au homa kali, au damu, uje mbio. Vinginevyo kula, fanya kazi, uje kliniki." Kisha akanyoosha kidole kabatini. "Hiki ndicho cha kuogopa sana. Waliokunywa vitu vya namna hii nimewapokea hapa wakivuja damu. Wawili mwaka huu. Mmoja nimemfunga sanda mwenyewe."

Nilirudi bila kibuyu. Marta alikuwa mlangoni. Nikamwambia sinywi, nikampa maneno ya Jenoveva kama nilivyoyabeba. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dazeni chache," akasema. "Kwa hiyo wapo." Akaingia ndani.

Hilo neno likanikaa. Miezi ile yote nililibeba pamoja na mimba. Nikiwashwa mgongo, navua nguo kutafuta kipele. Mtoto alipoanza kucheza, mimba ikiwa ya miezi mitano, nilikaa shambani kati ya maharage nikijiuliza mtoto huchezaje, na kama kile kingine nacho kingecheza vilevile. Mara kwa mara Marta alikuja bila kubisha hodi, akaweka kiganja kwenye kovu langu, kisha kwenye tumbo, akasubiri, akaondoka. Sikumzuia. Nilimchukia, lakini sikumzuia, maana alikuwa mtu pekee aliyekuwa akisikiliza kitu kilekile nilichokuwa nikisikiliza mimi.

Nilijifungua zahanati, Aprili, asubuhi ya mvua. Mtoto wa kike. Alilia mara moja, kwa hasira. Jenoveva alimpeleka dirishani, akamgeuza mbele na nyuma, akatazama viganja, nyayo, mdomo na macho. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa kitanda.

"Safi," akasema. "Hana doa."

Nililia kwa sauti, sijali nani anasikia. Marta aliomba kumshika. Naye akamfunua, akamkagua upya, hamwamini mtu: nyuma ya masikio, makwapa, katikati ya vidole, kimoja kimoja. Alipomaliza hakumfunika. Alibaki akimtazama.

"Mkunga," akasema, "wakati wa Mwingereza na mimi nilichanjwa nina mimba. Ya kwanza, kabla ya Rubeni. Wazee wakaniambia ndani mna viwili. Nikanywa. Alitoka wa kiume. Nilimtazama mwili mzima hivi hivi, nikitafuta. Alikuwa safi. Nikasema ni ile mizizi ndiyo iliyomsafisha. Miaka yote nimesema hivyo."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Angeishi?"

Jenoveva hakuwahi kunidanganya mimi, na hakumdanganya yeye. "Karibu na hakika, mama," akasema. "Angeishi."

Mtoto alianza kulia kwa baridi. Nilinyoosha mikono nimpokee. Marta alimfunika, akambana kifuani, wala hakumwachia, nami nikashusha mikono yangu nikamngoja.