Wanaume Arobaini na Wanne

Mimi ndiye fundi kompyuta wa hospitali, na haya niliyafanya mwenyewe kwa ujuaji wangu. Msimtafute mchawi.

Baada ya mafuriko, maiti ambazo hazikutambuliwa zilizikwa haraka, wanaume upande wao, wanawake upande wao, kila kaburi na namba ya picha yake. Kumbukumbu pekee iliyobaki ni picha. Wapiga picha walikuwa wawili, mmoja wa wanaume, mwingine wa wanawake, na kila kamera ilianza na 0001. Nikaletewa folda mbili za picha nzito za TIFF, wanaume 212 na wanawake 168, nizigeuze ziwe JPEG nyepesi ili ndugu wazitazame. Kadi za kamera zilishafutwa zamani.

Kwenye benchi la nje alikuwepo mama mmoja, anamtafuta kitinda mimba wake wa kiume. Alikwishalia akaishiwa machozi. Alichotaka ni kujua kaburi. Kila nikipita ananiuliza, mwanangu, bado? Nikamwambia atulie, kazi hiyo kwangu ni ya kupepesa macho.

Nikaandika amri yangu. Kwanza find ikusanye faili za wanaume, kisha za wanawake. Halafu xargs -P 8 izigeuze nane kwa mpigo, zote ziingie folda moja, kila moja na namba yake. Diski ilikuwa inajaa, kwa hiyo mwishoni nikabandika && rm -r, yaani ikifaulu, futa zile za asili. Dakika sita tu, bila kosa hata moja. Nikajiona bingwa.

Kisha nikahesabu. Zilikuwa 212, na zilitakiwa 380.

Nikaifungua folda. 0001 ya mwanamke ilikuwa imeandikwa juu ya 0001 ya mwanamume, na hivyo hivyo hadi 0168. Kwa xargs hapakuwa na kosa lolote, kila picha iligeuzwa salama, basi rm nayo ikapewa ruhusa. Nilihangaika kuzifufua. Wapi. Wanaume waliobaki walikuwa arobaini na wanne.

Mama alichoka kungoja, akaingia. Sikuwa na ubavu wa kumzuia. Akawatazama wote, mmoja mmoja, kidole kikigusa kioo. Alipofika wa mwisho akageuka, na uso wake ulikuwa umechanua.

"Wanaume ndio hawa tu?"

Niliinamisha macho kwenye kibodi, Mungu anisamehe.

"Basi hayumo. Mwanangu hajafa."

Akanishika mkono, akaniombea baraka, mimi na watoto wangu. Tayari alikuwa anapanga kambi atakazokwenda kumtafuta. Ningeweza kumwacha aende zake, na hakuna ambaye angejua. Lakini angezunguka kambi hizo mpaka anaingia kaburini.

"Keti, mama," nikasema. "Wapo wengine mia na sitini na wanane. Nimewafuta mimi."

Aliketi. Mkono wangu hakuuachia, akaniuliza taratibu kama nakumbuka hata sura moja.