Nusu ya Nakhungu

Nimeuza bima kwa miaka mingi, na kama kuna kazi inayomchosha mtu roho kabla ya miguu, ni hii. Ukimuuzia mtu sukari, anaondoka na sukari yake. Mimi nauza karatasi, na watu hukumbuka kuisoma siku nyumba imeshaungua.

Mwanzoni mwa mwaka 2009, Bethwel Kiplagat, mwenye ofisi yetu ya uwakala hapa Kitale, aliniita akasema niwaandikie wateja wote barua. Nieleze kwa nini kiasi cha bima lazima kiangaliwe upya kila mwaka, maana mwaka uliotangulia bei zilikuwa zimepanda hadi watu wakaacha kushangaa. Nilijua kwa nini alinipa mimi. Wateja wa Bumula ni wangu, na wateja wa Bumula walikuwa wananikimbia mmoja baada ya mwingine. Huko kulikuwa na neno kunihusu limeenea sokoni na kanisani: Edinah amekula nusu ya pesa za Nakhungu.

Lisemwalo lipo, wanasema. Basi na liwepo, lakini lisemwe lote. Nakhungu ni mjane mwenye jengo la vyumba vinne vya kupangisha maduka hapo Bumula. Alilikatia bima mwaka 2001 kwa laki nane, na wakati huo laki nane zingelijenga lote upya. Akalipa kila mwaka bila kuchelewa, kwa kiasi kile kile. Agosti 2008 hitilafu ya umeme ikawasha moto kwenye chumba cha kinyozi, vyumba viwili vikaharibika. Mpimaji wa hasara akaja, akasema hasara ni laki sita. Pia akapima jengo zima, akasema kulijenga kwa bei ya leo ni milioni moja na laki sita. Laki nane ni nusu ya hiyo. Kampuni ikamlipa nusu ya hasara yake: laki tatu, na haikuongeza hata shilingi.

Ndivyo mkataba ulivyo. Ukikata bima ya nusu ya thamani, ile nusu nyingine umejibebea mwenyewe, hata kama kilichoungua ni chumba kimoja tu. Nilimweleza siku ile tukiwa tumesimama kwenye majivu. Alinitazama kama mtu anayetazama mwizi akijitetea.

Niliandika barua hiyo kwa siku mbili. Nilieleza kwamba kinachokatiwa bima si bei ya kuuza jengo wala shamba lililo chini yake, bali gharama ya kulijenga upya leo: saruji, mabati, mbao, mafundi, hata kuondoa kifusi. Kwamba kiasi kiongezwe kidogo zaidi, kwa sababu bei haitasimama kungoja mwaka wa bima uishe. Kwamba kuandika kiasi kupita gharama hiyo nako ni hasara, maana kampuni hailipi zaidi ya kilichoharibika. Halafu nikaweka mfano wa mteja mmoja aliyekuwa na jengo la maduka, akalipwa nusu ya hasara yake. Bethwel akasoma, akaridhika, akanionya kwamba jina la mteja halitoki ofisini kamwe.

Ningeweza kuzituma barua zenyewe kwa posta. Lakini wateja wa Bumula hawakuwa wanafungua bahasha zetu tena, kwa hiyo nilizibeba mwenyewe, na nikaanzia kwa yule niliyemwogopa zaidi. Sitadanganya, njia nzima nilitamani asiwepo.

Alikuwepo, ameketi kwenye veranda ya duka lake anachambua maharagwe. Chumba kimoja kilichoungua kilikuwa kimejengwa upya kwa zile laki tatu. Kile cha pili kilikuwa kuta tu, hakina paa, na mpangaji wake alikuwa ameshahamia kwingine. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikampa barua. Akasema miwani iko ndani, nimsomee.

Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye ule mfano wa mteja mmoja, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mayi," nikasema, kama mtu anavyomwita mama yake.

Akacheka kicheko kikavu. Akasema miaka saba amelipa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia laki nane zake zinaoza. Hapo uchovu wote wa ile miezi ulinishinda. Nikamkumbusha kwamba nilikuja 2005, nikaja tena 2006, nikakaa papa hapa, nikamwomba tupandishe kile kiasi. Alinijibu nini? Kwamba mimi natafuta komisheni. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikulisema hilo. Mtu aliyeunguliwa hapigwi methali.

"Si ulikuwa unatafuta?" akasema.

"Nilikuwa natafuta, ndiyo. Ulikuwa unalipa elfu mbili kwa mwaka; kufika milioni na laki sita ungeongeza pesa nyingi? Hapana. Ungeongeza elfu mbili tu kwa mwaka. Yangu mimi hapo ni mia tatu."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa wapangaji, ya Januari hiyo, na sahihi yake chini. Kodi imeongezwa kwa sababu vitu vimepanda bei. Niliijua ile karatasi, maana hubandikwa mpya kila Januari, na kila mpangaji wa Bumula humlaani Nakhungu kwa ajili yake. Nikamuuliza, bila ujanja wowote, ni vitu gani hivyo vilivyopanda.

Aligeuka akaitazama.

"Saruji," akasema. "Mabati. Fundi naye siku hizi hashikiki." Akaweka ungo chini. "Kila mwaka mimi naongeza kodi ya hii nyumba. Nyumba yenyewe nikaiacha 2001."

Nilimwonea huruma hadi nikatamani kurudisha swali langu. Kushinda kwenye mabishano ya namna hii hakuna raha yoyote. Nilikunja barua nikamwekea kando ya ungo, nikainuka, nikamwambia bima yake inakwisha mwisho wa mwezi, na kwamba akiamua kwenda kwa mtu mwingine nitaelewa, mradi akakate kwa bei ya leo.

"Keti," akasema. "Hizo zingine ni za nani?"

Nikamwambia ni za wateja wengine wa hapa Bumula. Wekoye wa duka la vifaa vya ujenzi, mwalimu Wakoli, na wengine.

"Na zote zimeandikwa ati mteja mmoja?"

"Zote."

"Hawataamini. Watasema huyo mtu umemtunga wewe, ndio ufunike zile pesa ulikula. Lete biro."

Nikamwambia ofisi hairuhusu jina la mteja litajwe.

"Ofisi haikuungua," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na miwani. Akachukua barua ya kwanza, akatafuta mstari ule kwa kidole, na juu ya maneno mteja mmoja akaandika jina lake kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Mimi nilikaa tu, machozi yakinilenga, nimechoka kuliko siku zote za kazi hii, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti kifua changu kilikuwa chepesi. Alipomaliza alizilinganisha kwenye goti akanirudishia.

"Usifikirie nimekusamehe," akasema. "Hiyo laki tatu ingine bado naiota. Sasa toa karatasi yako. Vyumba vilivyobaki ni vitatu. Andika bei yake yote ya leo."