Mstari Uliokosekana Upande wa Pili

Tangazo la safari ya wanafunzi kwenda Kwihara lilikuwa na pande mbili, mbele Kiswahili, nyuma Kiarabu. Kiswahili aliandika Mwalimu Josepha, anayefundisha Historia darasa la tano. Kiarabu aliandika Ustadhi Sabiri, anayekuja shuleni kwetu kila Ijumaa kufundisha kipindi cha dini. Kuchapa na kutoa nakala ni kazi yangu mimi, Magreth, mwalimu wa Hisabati, kwa kosa moja tu la kujua kompyuta.

Kiarabu chenyewe kilikuwa cha zile familia za Wayemeni zilizokimbia vita zikaja kwa ndugu zao hapa mtaani kwetu Ng'ambo. Watoto walikidaka Kiswahili upesi mpaka cha matusi. Wazazi walibaki na kile cha dukani: bei gani, punguza, karibu tena. Mwanzoni tuliwaachia watoto wawasomee wazazi barua za shule, hadi tulipogundua kwamba wito wa kikao cha wazazi wa watoro umesomwa nyumbani kuwa ni likizo. Ndipo tukamwendea Ustadhi.

Naye ni mtu makini, alisoma Khartoum. Penye "saa moja asubuhi" aliandika saa saba, maana Mwarabu anaanza kuhesabu saa zake usiku wa manane. Tungemwacha mzazi asome saa moja, angetuletea mtoto tumelala. Kwa umakini huo, nani angemtilia shaka? Mwalimu mkuu Raymundi aligonga muhuri pande zote mbili, na Kiarabu hajui hata herufi.

Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo safari, Bwana Awadh alikuja ofisini. Ana tanuri la mikate karibu na soko, na binti yake, Afrah, yuko darasa la tano. Alikuja na boksi la halua na kanzu mpya ndani ya mfuko, akatuonyesha zote mbili.

"Mwalimu, mimi nakuja kesho," akamwambia Josepha. "Karatasi imesema mzazi karibu. Halua ya watoto wote. Nyumba ya mababu zetu, mimi nitasema kidogo, watoto wasikie."

Josepha alitabasamu, kisha tabasamu likamganda. Aliangalia ile kanzu, akaniangalia mimi.

"Afrah hataki," Bwana Awadh akaendelea. "Analia siku tatu. Mimi nimegomba sana. Nimesema, aibu! Watu wanakwenda kuona babu zako, wewe unalia?"

Upande wa Kiswahili nilikuwa nimeuchapa kwa mikono yangu hii. Uliandikwa wazi: wanafunzi watajifunza njia ya misafara na biashara ya watumwa iliyofanywa na Waarabu. Afrah anasoma Kiswahili kuliko watoto wangu. Alikuwa ameusoma, akaelewa atasimamishwa mbele ya wenzake kama mtoto wa wauza watumwa, na hakuwa na ulimi wa kumwambia baba yake.

Josepha alikwenda mwenyewe kumtoa Ustadhi darasani. Ustadhi alipoingia, hata salamu hakumwachia amalize.

"Ustadhi, safari tunakwenda kufanya nini? Nisomee ulichoandika."

Ustadhi akaipokea karatasi, akaigeuza. "Kutembelea nyumba za kale za wafanyabiashara wa misafara."

"Na watumwa?"

Akairudisha karatasi mezani.

"Nimekuuliza, na watumwa?"

"Mwalimu, hawa ni wageni," akasema kwa upole. "Wamekimbia mabomu. Barua ya kwanza nzuri wanayopata kutoka serikalini, ndiyo iwaambie babu zenu walikuwa wauza watu? Nimeona aibu. Nimesitiri."

"Umesitiri? Umempaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na mtoto wake analia siku tatu! Mwambie sasa hivi, hapa hapa, kama nilivyoandika."

Nilidhani atakataa. Ustadhi alitazama chini, kisha akamgeukia Bwana Awadh na kuanza kusema Kiarabu, polepole. Mimi sijui Kiarabu. Nilitazama uso tu. Bwana Awadh hakukasirika, afadhali angekasirika. Alikaa kwenye kiti, akairudisha kanzu mfukoni, akaikunja upya na upya kana kwamba ilikataa kukaa. Aliuliza swali moja, akajibiwa. Akauliza jingine.

"Anauliza nini?" Josepha akasema.

"Anauliza kama Afrah aliyajua haya. Nimemwambia ndiyo." Ustadhi akafuta jasho. "Na anauliza hao watu walitekwa na nani. Waarabu wenyewe waliingia kila kijiji? Anataka nitafsiri vile vile ulivyoandika, na mimi sioni ulipoandika."

"Kitabu kinasema..."

"Sisemi kitabu, Mwalimu. Mimi ni Mnyamwezi kama wewe. Watemi wetu walipigana, chifu kwa chifu, wakawauza mateka. Na wewe kila sherehe unatuambia ukoo wenu ni wa kitemi. Mimi nimeacha mstari mmoja. Wewe umeacha mwingine, na wako hata kwa Kiswahili haupo."

Sijawahi kumwona Josepha akisoma tena alichoandika mwenyewe, na tumefanya kazi pamoja tangu nina mimba ya kwanza. Aliichukua karatasi, akaipitia mstari kwa mstari. Nilimwonea huruma, na nakiri nilimwonea pia raha kidogo, maana ana mdomo yule.

Bwana Awadh aliondoka bila kusema kama mtoto atakuja. Halua aliiacha mezani, na hakuna aliyeigusa.

Jumamosi asubuhi basi lilikuwa limeshawashwa aliposhuka Bwana Awadh kwenye bodaboda na Afrah mbele yake. Alikuwa amevaa shati lake la kazi, lina unga mikononi. Afrah macho yamemvimba. Alikaa na baba yake kiti cha mbele, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Kwihara si mbali. Tulisimama uani mwa nyumba moja ya kale, kwenye kuta nene za udongo, watoto wakipunga nzi. Josepha alieleza pembe za ndovu, wapagazi, chumvi na shanga. Kisha akaeleza watu waliofungwa kamba na kutembezwa mpaka pwani. Kichwa kimoja kikageuka, kingine kikafuata, mpaka darasa zima likawa linamtazama Afrah. Alijibana kwenye ubavu wa baba yake, kashika shati kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema Kabula, mtoto asiyejua kunong'ona, "walikuwa babu zake Afrah?"

Bwana Awadh ndiye aliyejibu. "Ndiyo," akasema. "Watu wangu." Mkono wake ulikuwa kichwani kwa mtoto.

Hapo Josepha angeweza kuendelea na somo. Shaba ilikuwa haijaelezwa, nguo za kaniki hazijaelezwa. Nilimwona akiangalia karatasi yake, akaikunja.

"Waarabu walinunua," akasema. "Nani aliwauzia?"

Hakuna aliyejua. Kitabuni hayamo.

"Watemi," akasema. "Babu wa babu yangu alikuwa mtemi. Alikwenda vitani akaleta watu, akawauza kwa bunduki na nguo. Nyumbani kwetu tunasimulia vita, watu hatuwasimulii." Akamtazama Bwana Awadh. "Na hao ni watu wangu."

Vichwa vikageuka tena, safari hii kumtazama mwalimu. Wengine, nadhani, wakaanza kufikiria bibi zao wenyewe, kama ni wa upande wa waliouza au wa waliouzwa. Sylvester, ambaye baba yake ni mtu wa Urambo mwenye jina refu la kitemi, alikuwa anatazama viatu vyake.

Afrah aliliachia shati la baba yake. Akavuka ua, akasimama kwenye mstari wa wasichana, karibu na Kabula, na Kabula akasogea kumpa nafasi.