Furushi Lisilo na Swali

Siku dada yake alipozikwa, ofisi ya maji iliwapa wafanyakazi ruhusa ya nusu siku. Kesho yake yeye, mdogo wa marehemu, akarudi peke yake kwenye meza waliyozoea kukaa wawili, wakijibu ujumbe wa wateja.

Maonyo mawili ya uzembe yalikuwa tayari kwenye faili lake. Kila ujumbe ulitakiwa kujibiwa na kufungwa ndani ya dakika tano. Onyo la tatu, mkataba hauongezwi.

Asubuhi hiyo ukaingia ujumbe mrefu kama reli. Somo la volkano, kumbukumbu za kikao cha harusi, maelezo ya kushona sketi, na katikati kipande cha fomu: "Naomba kusitishiwa huduma ya maji." Swali hakuna. Salamu hakuna.

"Loo! Huyu kamwaga kabati zima," akasema jirani yake wa meza ya pili, waliyemwita Chapchap, akichungulia. "Si anataka kukatiwa? Mkatie, funga, tuendelee."

"Fomu haina jina wala namba ya mita."

"Basi mfupishie volkano, afaulu mtihani!"

Hakucheka. Ujumbe wa namna hii dada yake aliuita furushi. "Ukilikisia, umekosea," alikuwa akimwambia. "Sema ulichokiona, sema hujagusa kitu, kisha uliza swali moja." Kumbe na kumkumbuka kunakula dakika. Akafuta machozi kwa kiganja, akaandika:

"Habari. Maandishi yako tumeyapata. Yana somo la volkano, kikao cha harusi, ushonaji na sehemu ya fomu ya kusitisha maji. Sijaona swali, kwa hiyo sijabadilisha chochote kwenye akaunti yako. Ungependa tukusaidie nini? Kama yamekuja kwa bahati mbaya, niambie tu."

Dakika ya tano ikapita. Ya nane. Msimamizi akaja kusimama nyuma yake.

"Mama, hiyo bado iko wazi?"

"Nasubiri mteja, bosi."

"Mteja hajauliza kitu! Funga."

"Nikifunga kama ombi la kukatiwa, atakatiwa. Nikifunga kama upuuzi, hatarudi."

"Mimi naangalia saa, siangalii 'nikifunga'."

Alitamani kupiga kibodi ngumi. Akakunja mikono.

Dakika ya kumi na moja jibu likaja: "Samahani sana dada. Simu imebandika kila nilichowahi kunakili. Nilitaka kusema maji yanatoka meusi tangu juzi na nina mgonjwa ndani. Tafadhali msikate!"

"Usiyanywe wala kumpa mgonjwa," akamwandikia. Akaomba namba ya mita, akafungua taarifa ya dharura.

"Ungemkatia, Chapchap," akasema bila kugeuka.

Chapchap alijifanya anapokea simu.

Mafundi walifika kwa mteja kabla ya saa sita. Saa nane barua ya onyo la tatu ikaletwa mezani, akaisaini. Mkataba wake unaisha tarehe thelathini.