Pishi ya Kufutwa

Kwenye meza yako ya mahindi ulimwona Mbaruku, karani wa bei wa serikali, akizunguka Kariakoo peke yake, ukageuza uso. Jedwali lake la bei ndilo lililopanga mishahara ya makuli. Wastani wa bei ya pishi ya mahindi kwa wiki nne: Kariakoo senti tisini, Ilala themanini na tano, Magomeni themanini. Akaandika: rahisi zaidi, Magomeni.

"Rahisi wapi, mwanangu?" Bi Sitara, muuza mahindi, alimcheka. "Sisi na Ilala tunajaza kilele. Magomeni wanafuta kwa mkono!"

Mbaruku akapima. Pishi ya kilele ilizidi ya kufutwa kwa robo nzima. Kwa kipimo kimoja cha kilele, Magomeni ilifika shilingi, ghali kuliko zote.

"Pishi ni pishi," bwana mkubwa wa ofisi yake akakataa kurekebisha jedwali.

Mbaruku yuko mlangoni pa bwana mkubwa, hana shahidi. Beba pishi yako, nenda ukasimame naye sasa hivi!