Jino la Juu

Siku ya tatu baada ya kurudi kazini, bibi shamba aligundua kwamba amewauza mbuzi wa watu.

Hakuwauza kwa mkono wake. Alikuwa amemzika mumewe wiki mbili kabla, na simu yake ilikuwa imejaa pole. Zote alizijibu vilevile, bila kusoma hadi mwisho. Katikati ya pole hizo ilikuwepo picha kutoka kwa mama mmoja mkulima: tuta la maharage machanga yaliyobaki vishina, na swali chini yake. "Ni nani amenilia maharage hivi? Wifi yangu anasema si mbuzi wake." Kwenye kona ya picha palikuwa na vinyesi vidogo vya duara. Bibi shamba akaandika neno moja, "Mbuzi," akaendelea na pole nyingine.

Sasa alikuwa ofisini, chai imepoa mbele yake, akipanga picha za mwezi kwa ajili ya ripoti. Alipoifikia ile, aliikuza kwa vidole viwili kwa sababu fomu ilitaka maelezo. Akaitazama kwa muda mrefu. Vishina vilikuwa vimekatwa kwa mshazari, safi kama kwa wembe.

Mbuzi hana meno ya mbele juu. Hilo alikuwa akiwafundisha wakulima kila msimu: mbuzi hushika na kuvuta, anaacha nyuzi na ncha zilizochanika, na mche mchanga huweza kung'oka na mizizi yake. Mkato wa mshazari ni wa mnyama mwenye meno kama patasi juu na chini.

Akampigia yule mama. "Dada, weka kiberiti kando ya vile vinyesi, unipigie picha kwa karibu. Na kimoja kivunje."

Picha ikaja. Vinyesi vilikuwa vya duara, vimebonyea kidogo, rangi ya majani makavu, na kile kilichovunjwa kilikuwa nyasi tupu ndani. Cha mbuzi kingekuwa kirefu kidogo, cheusi, laini.

"Ni sungura pori," bibi shamba alisema kwenye simu. "Nilikosea."

Yule mama akasema, "Mbona wameshauzwa?"

"Nani?"

"Mbuzi wa wifi. Wote wanne. Kaka yangu alisoma ulichoandika, akasema hataki ugomvi kati ya mkewe na dada yake. Jana asubuhi aliwapeleka kwa muuza nyama."

Bibi shamba alisubiri moyo ushtuke. Haukushtuka. Alijua tu kwamba jambo hili ni baya, kama mtu anavyojua kwa kuangalia dirishani kwamba nje kuna mvua. Akachukua mkoba na bunda la wavu wa waya lililokuwa stoo, akapanda pikipiki ya ofisi.

Alimkuta wifi anafagia zizi lisilo na kitu. Alikuwa mwanamke mwembamba, na hakuacha kufagia.

"Shikamoo, mama," bibi shamba alisema. "Mimi ndiye niliyesema ni mbuzi. Sikuitazama picha. Ni sungura."

"Marahaba." Ufagio ulikwenda mara mbili zaidi. "Niliwaambia. Wawili walikuwa na mimba."

"Nimekosa."

"Nimesikia." Wifi alimtazama kwa mara ya kwanza, akaiona kanga nyeusi aliyojitanda. "Nasikia nawe umefiwa."

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana."

"Ndiyo maana," bibi shamba alisema, "lakini si kisingizio. Mbuzi walikuwa wako."

Wifi akauegemeza ufagio ukutani. Hakusema amesamehe. Alisema, "Twende ukamwambie na mwenye maharage, mbele yangu. Maneno ya simu yamenitosha."

Wakaenda. Bibi shamba alipiga magoti kwenye tuta, akawaonyesha mkato kwenye kishina, akawapa kinyesi wakivunje wenyewe. Mwenye maharage aliangalia chini. "Wifi," alisema, "nilikuita mwongo mbele ya mume wako."

"Uliniita."

"Sasa nifanyeje?"

"Shika huo wavu, jua linazama."

Waliuzungushia shamba wote watatu, wakiufukia ukingo wa chini ardhini kiasi cha shibiri moja ili sungura asichimbe apite. Wale wawili walisemezana kuhusu vigingi tu. Bibi shamba alikaza nyaya mpaka vidole vikachubuka, na alijua vinauma.

Asubuhi aliandika ripoti. Kwenye nafasi ya mharibifu aliandika sungura pori. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba utambuzi wa kwanza ulikuwa wake, haukuwa sahihi, na mbuzi wanne waliuzwa kwa sababu hiyo. Akaomba mgao wa mbuzi wa mbegu wa idara uanze na mwenye mbuzi hao. Mkuu wake alisoma, akauliza kama angependa kupumzika wiki nyingine.

"Hapana," alisema. "Acha nizitazame upya picha zote nilizojibu tangu mazishi."

Zilikuwa kumi na moja. Akaikuza ya kwanza.