Namba Aliyoiweka Tereza

Debora aliinyakua simu mkononi mwa fundi kabla waya haujachomekwa.

"Mama, vipi tena?" fundi akashangaa. "Naiflash tu. Mkimaliza soda hapo jirani, inakuwa mpya kama imetoka dukani jana."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vinaondoka. Si ndiyo kuflash kwenyewe? Mtoto ataanza upya."

"Nani kakuambia nataka mtoto wangu aanze upya?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka, wakidhani ni utani. Debora hakucheka. Aliifunga simu kwenye leso, akamshika Aneth mkono, wakatoka kwenye kile kibanda cha Majengo bila kuaga. Vumbi la mchana liliwapiga usoni. Tangu Jumapili mtoto alikuwa hasemi kitu.

Jumapili ndiyo siku ambayo Aneth alimwambia mama yake kwa nini hataki tena kwenda tuisheni. Mwalimu Gerson alikuwa akimwandikia maneno WhatsApp. Mwanzo aliandika habari za hesabu, kisha akaandika mengine. Debora, mjane aliyemlea huyu binti kwa kushona nguo na kwa magoti ya sala, alikwenda siku ileile kwenye ukumbi ambako Gerson hufundisha, akamwuliza mbele ya wazazi waliofuata watoto wao. Gerson hakutetemeka. Alitabasamu, akafuta chaki vidoleni.

"Mama Aneth, mimi nakuheshimu. Kama nimeandika, leta tusome wote."

Wazazi wakamtazama Debora. Akaitoa simu ya Aneth, akaitafuta WhatsApp, na haikuwemo. Haikuwepo kabisa, kama haijawahi kuwekwa. Mama mmoja akaguna, "Mabinti wa siku hizi, wakifeli wanatafuta sababu." Debora alirudi nyumbani na neno hilo likimchoma kama kaa la moto lililoingia kwenye kiatu. Gerson bado alikuwa akifundisha. Mabinti wa watu bado walikuwa wakienda.

Sasa wakapanda gari kurudi kwao Ihumwa, na karibu na barabara, kabla ya kufika reli, Debora akaingia kwa Abdulnasiri. Hakuwa na hamu tena na mafundi, ila huyu alimjua; alishamshonea mkewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nisikilize kabla hujashika kitu. Hii simu sitaki ifutwe. Ukiifuta tutagombana mpaka kwa mwenyekiti."

Abdulnasiri akaweka mikono yote miwili juu ya meza, wazi, kama mtu anayekaguliwa. "Sijagusa, mama. Niambie."

Akamwambia. Namba ya kufungulia simu ipo, Aneth anaijua, simu inawaka na inapiga. Ila WhatsApp imetoweka. Na kila wakiingia kwenye mipangilio ili kuirudisha, simu inadai namba nyingine, ya mzazi.

"Nani aliiweka hiyo ya mzazi?"

"Mama yake wa ubatizo. Tereza. Anasema ameisahau."

Ndivyo ilivyokuwa. Simu ilikuwa ya Tereza mwenyewe zamani. Akampa Aneth zawadi ya kipaimara. Na kwa watu wa usharika wao, mama wa ubatizo si jina la kuitwa siku ya keki tu. Ana kauli juu ya mtoto. Basi mitihani ilipokaribia, Debora alimpelekea simu akamwomba aifunge. Tereza akachagua namba nne, na Debora akageuza uso pembeni. "Usinitajie," alisema. "Mimi ni mama, nitalegea akilia. Wewe ndiye ukae nayo." Alijiona ana hekima siku ile.

Abdulnasiri aliishika simu, akapekua. "Umeshajaribu kubahatisha?"

"Nimejaribu mwaka aliozaliwa, mwaka wa ubatizo, mwaka wa Tereza. Ikagoma, ikaniambia nisubiri."

"Usibahatishe tena. Ukikosea sana inazidi kukuongezea muda wa kusubiri. Sasa sikia, mama, WhatsApp haijafutwa. Aliyeifunga ameweka kwamba mtoto aone programu za umri mdogo tu. Ile imefichwa. Siku kizuizi kikitoka, inarudi na maneno yake yote."

Debora alishika ukingo wa meza. "Yote?"

"Yaliyokuwa ndani bado yamo. Lakini tukiifuta simu, yamekwenda. Na usidanganywe kwamba tutahifadhi kwanza kwenye kompyuta halafu turudishe. Ukirudisha ile nakala, na ile namba inarudi nayo."

"Basi nifungulie."

"Mimi siwezi. Wala wa mjini hawezi, akikuambia anaweza anakufutia." Akamwonyesha kwenye kioo. Chini ya nafasi za namba palikuwa na maneno madogo ya kuuliza kama umesahau. Akayagusa. Simu ikaomba barua pepe na nenosiri. "Mlipoweka namba, simu iliuliza ni akaunti ya nani itakayosaidia mkisahau. Mliandika ya nani?"

Debora akamgeukia Aneth. Aneth akajibu kwa sauti ya chini, "Aliandika yake. Alisema mama hana."

"Basi ni yeye," Abdulnasiri akasema. "Namba kuisahau ni kitu cha kawaida. Lakini hiyo akaunti anaitumia kwenye simu yake kila siku. Na hata nenosiri likimtoka, analibadilisha palepale kwenye simu yake, kwa ile namba anayoifungulia. Atakuwa na sababu nyingine, si kusahau."

Debora alisimama. Ilikuwa ndiyo hivyo, basi. Kwa maana alishampigia Tereza Jumatatu, na Tereza alisema, "Nimesahau, mpenzi, kichwa changu siku hizi!" Na Tereza ni dada yake Gerson. Amemlea tangu mama yao alipofariki, amemsomesha, amempigania kazi ile ya ukumbini. Debora alikuwa hajataka kuunganisha hayo mawili. Mtu mwenye hofu ya Mungu hawazii mwenzake mabaya haraka. Lakini mtu mwenye hofu ya Mungu si mjinga.

Tereza alikuwa dukani kwake, akimpimia mteja misumari. Alipowaona alitandaza mikono. "Karibuni! Aneth mwanangu, mbona umekonda?"

"Shikamoo," Aneth akasema, akabaki mlangoni.

"Dada Tereza," Debora akaanza mteja alipoondoka, "ile namba."

"Jamani, si nilikuambia? Nimeisahau kabisa."

"Sawa. Simu inakubali akaunti yako badala ya namba. Andika."

Tereza akacheka kidogo. "Na nenosiri lenyewe nalo nani analikumbuka?"

"Unaweza kulibadilisha hapo kwenye simu yako. Kwa namba yako ya kuifungulia. Hiyo hujaisahau, maana tangu tuingie umeshaifungua mara ngapi sijui."

Tereza akaiweka simu yake kifudifudi juu ya kaunta. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mama Aneth, mbona unakuja kama polisi? Hiyo simu yenyewe imezeeka. Iflash. Mimi nitamnunulia Aneth nyingine, nzuri kuliko hii. Leo hii nikikosa, kesho."

"Kwa nini?"

"Si zawadi tu?"

"Kwa nini umnunulie simu mtoto ambaye mwezi uliopita ulisema simu zinamharibu?"

Nje, boda ilipita ikipiga honi.

"Amekuambia," Debora akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ndipo ilipotisha. "Gerson amekuja hapa amekuambia. Ulishajua Jumatatu nilipokupigia, ukaniita mpenzi. Ulimshika mtoto huyu mbele ya maji, Tereza! Mchungaji akauliza nani anasimama badala yake, ukasema mimi. Ulisimama badala ya nani? Useme leo!"

"Usinipigie kelele dukani kwangu! Kijana wangu hana tabia hiyo. Amesema binti alimwandikia yeye, na yeye akamkanya. Unataka nikupe kamba umnyonge ndugu yangu kwa maneno ya mtoto?"

"Kama alimkanya, fungua tuone anavyokanya!"

"Sifungui!"

Aneth alikuwa ametoka mlangoni. Alisimama mbele ya kaunta, mikono imekunjwa kifuani. Na Debora aliyemdhania anaogopa akaona kwamba binti yake ana hasira, hasira aliyoibeba tangu Jumapili.

"Aliandika kwamba wewe unajua," Aneth akasema. "Aliandika, 'hata dada anajua, amekubali, ndiyo maana alikupa simu.' Ndiyo sababu sikuja kukuambia. Nilitaka kukuambia wewe kwanza."

Damu ikampanda Tereza usoni.

"Mwongo! Kaandika jina langu? Mimi? Lete hiyo simu. Lete, nikuonyeshe uongo wako mbele ya mama yako!"

Akaandika barua pepe yake kwa vidole vilivyogonga kioo kama anaua chawa. Nenosiri aliliandika mara moja, bila kufikiri, bila kukosea. Debora aliona. Simu ikadai namba mpya, na Tereza akaweka ya kwanza iliyomjia, sifuri tupu, akaingia kwenye vizuizi akaruhusu programu zote.

Ile alama ya kijani ikatokea kwenye ukurasa wa mwisho.

Alipoifungua, simu ikaanza kulia. Ulikuwa ujumbe uliokuwa umekwama nje siku zote WhatsApp ilipofichwa, sasa ukawa unaingia mmoja juu ya mwingine, na jina la juu lilikuwa Mwalimu Gerson. *Futa zote.* *Nimesema futa.* *Mwambie mama yako ulidanganya, la sivyo utaona.* Tereza akapandisha juu kwa kidole, kwenye yale ya zamani. Akasoma. Akapandisha tena. Palipokuwa na jina lake alikaa muda mrefu, kidole kikiwa hewani.

"Ameandika," akasema. Ilikuwa kama anamwambia mtu ambaye hayupo. Kisha akamtazama Aneth, akamnyooshea mkono. "Mwanangu, ulisema kweli."

"Nilisema tangu Jumapili," Aneth akajibu. Hakuupokea ule mkono.

Tereza akaizunguka kaunta. Alikuwa analia sasa. "Debora, dada yangu. Nitamwita hapa leo. Nitamvunja mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Tuyamalize kifamilia, tukae, mchungaji awepo, ajue makosa yake..."

"Mabinti wangapi wako ukumbini sasa hivi?"

Tereza akajifuta machozi kwa kiganja.

"Jumatatu kulikuwa na wangapi, ukiniambia umesahau?"

Debora aliichukua simu kutoka kaunta kwa upole, kama mtu anavyotoa yai chini ya kuku mkali. Akampa Aneth. "Kaa nayo wewe. Usimpe mtu mpaka askari wa dawati la watoto pale polisi aipokee kwa mikono yake, na umwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nisubirini nifunge duka," Tereza akasema nyuma yao. "Debora! Nakuja na nyie. Nitasema na mimi."

"Njia ni ya wote," Debora akasema, bila kugeuka. Akanyoosha mkono barabarani, na boda ya kwanza ikasimama. Akampandisha mwanawe katikati, akakaa nyuma yake, akamzungushia mikono.

"Wapi, mama?" dereva akauliza.

"Polisi. Na usiende polepole."